Saa ya viti: jinsi ya kuandika filamu isiyoruka hata dakika moja

*Mwalimu, nimeandika senario ya filamu fupi ya dakika 26. Kijana wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anatafuta nauli ya kwenda Kolwezi. Asipoipata kabla ya saa tatu kamili, basi inamwacha. Nataka kila dakika ya filamu iwe dakika ya hadithi, bila kuruka. Rafiki yangu ananiambia ni lazima nipige yote kwa mkupuo mmoja, kamera isizimwe. Na mimi nikiisoma naona katikati inalegea. Nianzie wapi? (Msomaji, Lubumbashi)*

Ndugu yangu, nianze na rafiki yako, kwa sababu ukimfuata kabla ya kutengeneza senario utamaliza pesa ya kukodi kamera na tatizo litabaki palepale. Anachanganya mambo mawili yanayofanana kwa nje tu. Kuna muda wa hadithi: dakika ya mtazamaji aliyekaa ni dakika ya mhusika anayehangaika, hakuna "kesho yake", hakuna "baada ya saa moja". Halafu kuna namna ya kupiga: kamera inawashwa mara moja na haizimwi mpaka mwisho, kile ambacho mafundi wetu wa hapa wanaita plani-sekansi. La kwanza mwandishi analiamua mezani. La pili linaamuliwa uwanjani, na unaweza kuwa na moja bila lingine.

Angalia Birdman ya mwaka 2014. Imetengenezwa ionekane kama picha moja isiyokatwa, lakini hadithi yake inachukua siku kadhaa. Kamera inapita kwenye ukumbi mtupu, na upande wa pili ni siku nyingine. Sasa angalia High Noon ya Fred Zinnemann ya mwaka 1952, ile inayojulikana kwa Kifaransa kama Le train sifflera trois fois. Imekatwa mara nyingi sana, montaji yake, yaani kazi ya kuunganisha vipande, hata ilipata tuzo ya Oscar, na bado hadithi yake inakwenda karibu sawa na saa ya ukutani: filamu ina dakika 85 hivi, inaanza asubuhi baada ya saa nne na nusu na kufika saa sita mchana treni inapoingia. Kilichoshikilia muda pale ni mpango wa mwandishi, maana kamera ilizimwa na kuwashwa tena kila siku ya kazi.

Zipo filamu zilizofanya yote mawili. Victoria ya Sebastian Schipper, mwaka 2015, ni dakika 138 za Berlin bila kukata hata mara moja, usiku mpaka alfajiri. Ila tazama gharama yake. Senario ilikuwa kurasa 12 tu, waigizaji walibuni maneno mengi wao wenyewe, na filamu nzima ilipigwa mara tatu. Ya tatu ndiyo tunayoitazama. Wewe unataka kupiga kwenye kituo cha basi, mahali ambapo mtoto mmoja akitazama kamera dakika ya 23 akapunga mkono, dakika 22 zilizotangulia zimekufa naye. Kwa filamu yako nakushauri ukate. Kupiga bila kukata hakutakupa muda halisi kama haumo kwenye karatasi.

Na kwenye karatasi yako, kwa jinsi unavyoieleza, naona mambo mawili: miguu na saa.

Miguu kwanza. Kijana anatoka Katuba. Mwandishi wa senario ya kawaida anamtoa nyumbani, anamkata, anamfikisha kwa mjomba wake mtaa wa Kenya, anamkata, anamfikisha sokoni, anamkata, yuko kituoni. Wewe umejinyima ruhusa hiyo. Mtu anayetembea kwa haraka mjini anafanya mita 80 hivi kwa dakika. Kilomita mbili zinakula dakika 25. Yaani safari moja tu ya mguu kutoka kwa mama mpaka kwa mjomba inamaliza filamu yako nzima, na hatujampa hata nafasi ya kubisha hodi. Ukimpandisha pikipiki bado ni dakika tano au sita za kuangalia kisogo cha dereva, mara tatu. Nadhani huo ndio ulegevu unaousikia katikati. Huenda uliandika "anafika kwa mjomba" kwa mstari mmoja, na akili yako ya msomaji ilijua kwamba mstari ule haulingani na barabara.

Safari si mwiko katika filamu za namna hii. Agnès Varda katika Cléo de 5 à 7, mwaka 1962, alimpandisha mwimbaji wake teksi na kutuacha ndani ya gari pamoja naye, redio ikisoma habari za vita ya Aljeria, barabara za Paris zikipita. Lakini mwanamke yule anasubiri majibu ya uchunguzi wa hospitali. Ana hofu ya saratani. Kila kitu anachokutana nacho njiani, kinyago cha dukani, neno la redioni, uso wa mtu barabarani, kinagusa hofu ile. Kusubiri ndiyo hadithi yenyewe, na teksi ni mahali pa kusubiria. Kijana wako hasubiri, anatafuta, na mtu anayetafuta akiwekwa ndani ya gari hana la kufanya. Kwa hiyo mtoe Katuba kabla ya filamu kuanza. Filamu ifunguke akiwa tayari kituoni na begi lake, na wote anaowahitaji wafike kwake kwa sauti ya telefone au kwa miguu yao wenyewe. Mahali pawe pamoja, au pawe pawili panaposikilizana.

Sasa saa, na hapa ningependa tukae, kwa sababu ndiyo roho ya senario yako na nadhani hujaiona.

Filamu ya muda halisi ina ugumu mmoja ambao hauko katika filamu nyingine: haiwezi kuongeza kasi. Katika filamu ya kawaida, mwisho ukikaribia, unafupisha; siku zinakuwa saa, saa zinakuwa dakika, na mtazamaji anajisikia anavutwa. Wewe dakika yako ya kwanza na ya 25 zina sekunde 60 kila moja. Ukimwambia mtazamaji mwanzoni kwamba basi inaondoka saa tatu kamili, amejua kila kitu. Dakika ya 9 anajua zimebaki 17, na anajua kwamba kabla ya hizo 17 hakuna baya litakalotokea. Anapumzika. Zinnemann alikuwa na tatizo hilohilo na treni yake ya saa sita, na dawa yake ilikuwa kufunga milango. Mlinzi wa mji anatafuta watu wa kusimama naye dhidi ya muuaji anayekuja na treni ile. Anakwenda kwa hakimu, hakimu anafunga mizigo na kuondoka. Anakwenda kwa msaidizi wake, msaidizi anadai cheo kwanza. Anakwenda kwa rafiki, rafiki anajificha ndani na kumtuma mke wake aseme hayupo. Kanisani wanajadili, wanamsifu, wanamkatalia. Saa ya ukutani inatembea kwa mwendo uleule, lakini idadi ya watu wake inashuka kwa kishindo. Tunaogopa ile idadi zaidi ya mshale wa saa.

Wewe una kitu ambacho Zinnemann hakuwa nacho. Basi ndogo za kwetu zinazokwenda nje ya mji, nyingi haziondoki kwa saa. Zinaondoka zikijaa. Tupa ile saa tatu kamili uliyoiandika. Saa ya filamu yako iwe viti.

Fikiria faida yake. Viti vitupu vinaonekana, hakuna haja ya kuonyesha mshale. Kila mtu wa Lubumbashi amewahi kukaa kwenye basi akihesabu viti, kwa hiyo hutahitaji mtu wa kueleza. Na zaidi ya yote, saa hii haiendi sawasawa. Dakika sita zinaweza kupita bila abiria hata mmoja, halafu inatokea familia ya watu watatu na saa inaruka hatua tatu kwa pigo moja. Abiria aliyechoka kusubiri anaweza kushuka, na saa inarudi nyuma. Muda wenyewe unakwenda kama ulivyo, hukuudanganya, lakini hatari inapanda na kushuka, na mtazamaji hawezi kuhesabu kimbele. Umepata kule kuongeza kasi ulikokuwa umenyimwa.

Tuufanyie kazi mfano wako wenyewe. Basi ina viti 18. Filamu inapoanza, 7 ni vitupu, pamoja na kile ambacho kijana amekiwekea begi. Mtu anayeita abiria anamwambia jambo moja ambalo ni lazima lisemwe ndani ya dakika mbili za kwanza: begi halilipi, kiti ni cha aliyelipa, na vingine vikijaa begi linashuka. Kijana ana nusu ya nauli. Hilo tu linatosha, usitueleze kwa nini anakwenda Kolwezi mpaka mtu atakapomuuliza kwa sababu yake mwenyewe.

Dakika ya 3 anapanda abiria wa kwanza, vinabaki 6. Kijana yuko kwenye telefone, anapiga kwa mjomba wake. Mpe mjomba nafasi ya kuwa mjomba: anataka habari za nyumbani, anataka kujua kwa nini hakuambiwa tangu wiki iliyopita, na wakati anauliza, mama wawili wenye viroba wanapanda nyuma ya kijana. Ni dakika ya 8, vimebaki 4. Mjomba anakubali kutuma pesa kwa telefone. Kijana anakwenda kwenye kabine ya pesa, iko mita 40 nyuma ya kona: nusu dakika kwa kutembea, robo dakika kwa kukimbia. Kutoka kwenye foleni basi haionekani. Inasikika tu sauti ya yule anayeita: "Kolwezi! Bado wanne, Kolwezi!" Sasa saa yako ina mlio.

Dakika ya 14, yuko wa pili kwenye foleni, ndipo familia ya watu watatu inapofika kwenye basi. Sisi tunaiona, yeye anaisikia: "Kolwezi, mmoja wa mwisho!" Kiti hicho kimoja ndicho chenye begi lake. Dakika ya 16 anafika dirishani, ujumbe wa mjomba umeingia, pesa ipo ndani ya telefone, na mwenye kabine hana noti. Wote waliomtangulia kwenye foleni ile walikuja kutoa, hakuna aliyekuja kuweka. Hii unaijua, kila mtu anaijua, na haimhitaji mtu mbaya. Dakika ya 17 mzee mmoja anashuka basi kwa hasira, anasema amekaa tangu asubuhi; vinakuwa 2, na mtazamaji anavuta pumzi. Dakika ya 20 kinajazwa kimoja.

Nani atatoa noti? Nyuma ya kijana kwenye foleni yuko mwanamke ambaye yeye amekuja kuweka. Hataki kutembea na pesa mkononi njiani. Akiweka, mwenye kabine atapata noti za kumpa kijana. Wanaelewana, anaweka, kijana analipwa, ni dakika ya 22. Na yule mwanamke anainua mkoba wake na kuelekea kona ileile, kwa sababu pesa aliogopa kutembea nayo njiani, na njia yake ni ya Kolwezi. Mtu aliyempa kijana nauli ndiye anayeshindana naye kiti cha mwisho.

Kama utachukua wazo hili au utapata lako, sharti ni moja: mkoba wa safari wa mwanamke uonekane mapema, tuseme dakika ya 11, bila kamera kuukazia. Katika hadithi isiyoruka muda huwezi kumleta mtu dakika ya 22 kutoka hewani. Mtazamaji amekuwa pale dakika zote, na atauliza alikuwa wapi.

Sasa umebaki na mahali pawili, basi na kabine, na hapo ndipo kukata kunapoleta hesabu. Kanuni ni nyepesi kusema na ngumu kuitii: ukiwa kwenye basi kwa sekunde 50, foleni nayo imeishi sekunde 50. Ukirudi ukamkuta kijana ameinua mkono uleule, mtu wa mbele yake amefungua mdomo uleule, umerudisha saa nyuma bila kutaka. Mtazamaji hataweza kukuambia kosa ni lipi. Atasema tu filamu "ilisimama" pale. Ndiyo maana kabla ya kuandika dekupaje, yaani orodha ya picha utakazopiga, nakuomba uchore karatasi ya safu tatu: dakika, kinachotokea kwenye basi, kinachotokea kwenye kabine. Jaza safu zote mbili kwa kila nusu dakika, hata pale ambapo kamera haipo. Lazima ujue foleni ilikuwa na watu wangapi ulipokuwa ukiitazama familia ile ikipanda. Karatasi hii itakuokoa pia kwenye montaji, maana pale utashawishika kuhamisha tukio moja mbele ya lingine kwa sababu linapendeza zaidi, na katika filamu hii kuhamisha tukio kunavunja hesabu ya viti.

Je, huwezi kuiba hata kidogo? Unaweza, na wote wameiba. High Noon yenyewe haiendi sambamba na saa zake kwa kila sekunde. Kabla tu ya saa sita kuna mfululizo wa nyuso na kiti kitupu na timazi ya saa inayoyumba, ambao unauvuta muda kidogo, na hakuna anayelalamika kwa sababu hofu huvuta muda hivyohivyo. Hitchcock katika Rope ya mwaka 1948 aliiba zaidi: filamu ina dakika 80, picha ni ndefu sana kwa kuwa kasha la filamu lilibeba dakika 10 hivi tu, na baadhi ya viungo amevificha nyuma ya mgongo wa mtu. Lakini nje ya dirisha jua linazama na mji unawaka taa kwa haraka kuliko jua la kweli, na chakula cha jioni kinakwisha upesi mno. Anafanikiwa kwa sababu hakuna picha anayotuonyesha kwamba muda umekatwa. Kwako, mita 40 kati ya basi na kabine ndiyo mahali pa kuibia: mwonyeshe akiondoka, kaa sekunde chache na anayeita abiria, mkute anafika. Umeiba sekunde 10 na hakuna atakayezidai. Usiibe dakika mbili. Katika dakika 26, mbili ni nyingi, na viti vitakusaliti, kwa kuwa mtazamaji anakumbuka hesabu ya mwisho aliyoisikia.

Kuhusu kupima urefu, usitegemee ile desturi ya ukurasa mmoja kwa dakika moja. Mjomba akisalimia vizuri anamaliza ukurasa kwa dakika mbili, na mbio za kona ni mstari mmoja wa maandishi. Wasomeshe waigizaji kwa sauti, wamesimama, telefone ikihesabu sekunde. Halafu nenda kituoni penyewe, tembea ile njia, panga foleni ya marafiki, hesabu. Kama jumla imekuwa dakika 33, usiwaambie waongee haraka. Ondoa mtu mmoja kwenye foleni, au mjomba aulize swali moja pungufu.

Mwanga ndio utakaokutesa utakapopiga kwa siku nne au tano kitu kinachotakiwa kuonekana kama nusu saa. Jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ndani ya hadithi yako halisogei hata nyuzi 7. Kivuli cha basi kinatakiwa karibu kisimame. Ukianza kupiga saa mbili asubuhi na kumaliza saa nane mchana, kivuli kitahama kutoka upande mmoja wa basi hadi mwingine, na ukichanganya vipande kwenye montaji kitarukaruka mbele ya macho ya watu. Kituo kina ukubwa wake, huwezi kukificha. Chagua dirisha moja la muda, kwa mfano kuanzia saa tatu mpaka saa nne na nusu asubuhi, na upige ndani yake tu, kila siku. Saa zinazobaki ziwe za kabine, maana ndani ya kibanda au chini ya turubai jua halina neno. Usiweke hadithi jioni. Hapa mwezi wa sita jua linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na giza linafuata kwa dakika ishirini na kitu tu. Kila jioni ungepata nafasi moja ya kupiga kipande kimoja. Victoria iliweza kuitumia alfajiri kwa sababu haikukata: mwanga ulibadilika mbele ya kamera kama ulivyobadilika mbinguni. Anayekata anahitaji mwanga uliotulia. Na kama unaweza kusubiri kiangazi, subiri. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa mbingu ya huku haibadiliki sana. Mwezi wa kwanza wingu moja litakuharibia asubuhi nzima.

Kuna mtego mwingine ambao filamu za zamani hazikuujua. Kila telefone inaonyesha saa. Kijana wako anaishi na telefone mkononi kwa dakika 26, na skrini ile itasema 09:12 kwenye kipande ulichopiga Jumanne na 10:40 kwenye kile cha Alhamisi, ingawa katika hadithi vimeachana kwa sekunde nane. Zima upangaji wa saa wa mtandao, weka saa kwa mkono kabla ya kila kipande kulingana na karatasi yako ya safu tatu, na uiweke telefone katika hali ya ndege ili mtandao usiirekebishe. Chaji nayo pia: isiwe 40% halafu 71%. Mjomba asikike kutoka kwa mtu aliye pembeni anayesoma maneno yake, sauti yenyewe utaiweka baadaye. Kwenye kabine, geuza au ondoa saa ya ukutani. Redio ya jirani izimwe wakati wa kupiga. Habari za saa tatu zikiingia kwenye sauti mara mbili, umekamatwa.

Vitu vidogo vya mwilini vinahesabu muda vilevile. Jasho la shati baada ya kukimbia haliondoki ndani ya dakika mbili, kwa hiyo kipande cha dakika ya 23 kikipigwa asubuhi mapema, mwigizaji alowe maji. Soda ya anayeita abiria ishuke kwenye chupa, isipande. Mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake, na asiwe wewe.

Ukiwa na montaji ya kwanza, waite watu watano au sita ambao hawajui chochote, na usiwaambie kwamba hadithi inakwenda dakika kwa dakika. Wakimaliza waulize kijana alikaa kituoni muda gani. Wakisema "nusu saa hivi", muda wako umeshika. Wakisema "saa mbili, tatu", mahali fulani umeruka bila kujua, na mara nyingi ni pale ulipokata kutoka kabine hadi basi bila sauti ya kuunganisha. Waulize pia viti vilikuwa vingapi yule mzee aliposhuka. Wasipokumbuka, anayeita abiria hasikiki vya kutosha, na kabla ya kurudi kupiga ongeza sauti yake kwenye montaji. Ni kazi ya nusu siku. Na wakati wanatazama, kaa pembeni uangalie mikono yao. Dakika ambayo wawili wanashika telefone zao kwa pamoja ndiyo dakika ambayo viti havijabadilika kwa muda mrefu mno wala kijana hajapoteza kitu. Nahisi kwako itakuwa kati ya 9 na 13, kwenye foleni. Ikiwa ni hivyo, usikimbilie kuongeza muziki. Ingiza abiria mmoja mapema zaidi, au mtoe kijana kwenye foleni kwa sekunde 15 kwenda kuchungulia kona, na arudi akute nafasi yake imechukuliwa.

Mwisho wenyewe. Kama kiti cha mwisho kinajazwa dakika ya 24, una dakika mbili ambazo huwezi kuzikimbia, na zitakuwa ngumu kuandika kuliko zote. Huna ruhusa ya kumwonyesha Kolwezi. Huna ruhusa ya kumwonyesha usiku akiwa nyumbani. Ni lazima ukae mlangoni mwa basi na kijana, mwanamke, anayeita abiria na begi lililoshushwa chini, kwa sekunde 120 kamili, na kitu kiamuliwe kati yao kwa maneno au kwa mikono. Andika dakika hizo mbili kabla ya kuandika kitu kingine chochote, zipime, halafu urudi kwenye dakika ya kwanza.